Maji Yataanguka Wapi?

Duka la mama mdogo lilikuwa Butembo, komini ya Kimemi, kwenye barabara mojawapo ya zile zinazopanda kilima kutoka upande wa soko. Aliuza vinavyouzwa na kila butiki ya mtaa: sukari, chumvi, mchele, unga wa ngano, mafuta ya kula, sabuni ya miche, betri, biskuti. Sehemu kubwa ya mali hiyo iliingilia Kasindi, mpakani na Uganda, ikapita Beni, ikafika Butembo juu ya malori yaliyojaa vumbi. Chumba kilikuwa kimoja tu, mita 4 upande wa barabara na mita 5 kwenda ndani. Hicho ndicho kilikuwa duka, ghala, na mahali pa kulia chakula cha mchana. Mifuko ilipangwa mpaka karibu na mabati, na mteja akitaka mchele ulioko chini, ilibidi watu wawili wahamishe mlima mzima kwanza.

Mwezi wa Julai 2013 nilikuwa nimemaliza mtihani wa serikali, nasubiri matokeo, na mama yangu akanituma kwa ndugu yake nikamsaidie kuuza. Zamu ya mama mdogo ya kupokea likirimba ilikuwa imefika. Wanawake wenzake wa sokoni walikuwa wamemkabidhi fungu lake la dola, na yeye alikuwa ameshaamua: fedha hiyo itajenga chumba cha pili nyuma ya duka. Parseli ilikuwa na nafasi. Isitoshe, Juni na Julai ni miezi ambayo mvua ya Butembo inapumzika kidogo, na ukiikosa hiyo unasubiri Januari.

Fundi mwashi alikuja asubuhi moja, akapima kwa hatua zake, akachora mstari ardhini kwa kijiti. Chumba cha mita 4 kwa 4, kishikane na ukuta wa nyuma wa duka. Tofali 5,000. Mabati tutaunganisha na haya yaliyopo, maji yaendelee kushuka nyuma kama yanavyoshuka sasa. Alisema yote hayo bila kuandika chochote, na kusema kweli hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa amejenga nusu ya maduka ya barabara ile.

Mama mdogo alibakiwa na jambo moja, mbao. Butembo tunapanda mikalitusi kwenye kila kilima, lakini mbao nzuri za paa zinatoka upande wa Beni, karibu na msitu mkubwa, na kaka yake, yaani mjomba wangu, alikuwa seremala kule. Kutoka Butembo hadi Beni ni kama kilomita 54. Akampigia simu.

“Kaka, nikatie mbao za chumba cha mita nne kwa nne.”

“Za paa gani?”

“Paa la kawaida. La mabati.”

“Nimekuuliza paa linaelekea wapi. Maji yataanguka wapi?”

“Nyuma, kama ya duka.”

“Nyuma si ndiko kilima kinakopanda?”

Mama mdogo akanyamaza. Mjomba akamwambia hatakata hata mti mmoja mpaka apate mchoro wa jengo lililokatwa kama mkate, kuanzia barabarani mpaka mwisho wa parseli, kila kimo kimeandikwa. “Huyo mtoto amesoma,” akasema. “Mpe daftari.”

Mtoto mwenyewe ni mimi, na shuleni nilikuwa nimesoma ualimu, si ujenzi. Lakini daftari la visanduku lilikuwapo, rafuni, kati ya kalamu na nyembe. Visanduku vyake vina upana wa milimita 5. Tulikubaliana kwamba visanduku vinne ni mita moja, yaani sentimita 2 za karatasi kwa kila mita ya ardhi, kipimo ambacho mafundi wanakiita moja kwa hamsini. Kwa kipimo hicho duka na chumba kipya vinaenea ukurasa mmoja, na bado unene wa ukuta unaonekana.

Nilianza kama wanavyoanza watu wengi, kuchora nyumba inavyoonekana na ndege. Ikatoka nzuri sana: mraba, mraba mwingine nyuma yake, mlango katikati. Mama mdogo aliipenda. Lakini mchoro ule haukujibu swali la mjomba, kwa sababu ndege haoni kilima. Ilibidi tuchore wa pili, wa kuonekana kwa ubavu, na huo ulihitaji vimo.

Vimo vya ndani tulivipata kwa mita ya chuma. Ukuta wa mbele, kutoka sakafuni hadi chini ya mabati, mita 3.20. Wa nyuma, mita 2.50. Paa lilikuwa la mtelemko mmoja, likishuka sentimita 70 katika mita 5, yaani sentimita 14 kila mita. Kwa ardhi ya nyuma tuliazima kwa fundi mpira wa maji. Ni kipande kirefu cha mpira unaoangaza, kimejazwa maji, na ncha zake zimefungwa kwenye fimbo mbili. Mmoja anasimama hapa na mwingine kule, na maji yakitulia yanakuwa kwenye usawa ule ule pande zote mbili, hata kama mmoja wenu amesimama juu zaidi. Unatia alama kwenye kila fimbo, unapima kutoka alama hadi ardhini, na tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mwinuko. Lazima uangalie pasiwe na povu la hewa ndani ya mpira, maana kipovu kimoja kinatosha kukudanganya. Mama mdogo alishika fimbo ya chini. Nyuma ya duka ardhi ilipanda sentimita 10 kwa kila mita. Jicho lilikuwa halioni kitu, kwa sababu miaka yote eneo lile lilikuwa limefunikwa na magunia matupu na majani ya maboga.

Usiku, chini ya taa ya betri, tuliweka vimo kwenye karatasi. Nikaendeleza mstari wa paa kama fundi alivyosema. Mita 4 zaidi kwa mtelemko ule ule zinashusha paa sentimita 56. Kutoka 2.50 tunafika 1.94. Nikachora ardhi, ikapanda sentimita 40 katika mita hizo nne. Kati ya mistari miwili, kule mwisho wa chumba, ilibaki mita 1.54. Mama mdogo alikuwa mwanamke mrefu. Akaweka kidole pale, akapima kwa macho, akasema, “Humu nitaingia nimepiga magoti kama niko kanisani.”

Tulijaribu njia nyingine, kila moja kwa ukurasa wake, na hapo ndipo alipoanza kuchukua kalamu mwenyewe. Kuchimba kilima ili sakafu iwe sawa na ya duka? Kimo kinarudi 1.94, lakini ukuta wa nyuma unakuwa umezikwa sentimita 40, umelaza mgongo wake kwenye udongo unaolowa miezi mingi ya mwaka. Kulaza paa la chumba kipya zaidi, lishuke kidogo tu? Mabati yanaunganishwa kwa kulaliana, na mtelemko ukiwa chini ya sentimita 10 hivi kwa mita, upepo unayasukuma maji yarudi chini ya bati la juu. Kuligeuza paa jipya, lipande kuelekea nyuma na kushuka kuelekea duka? Hapo kimo kinapatikana vizuri, na wajenzi wengi wa mjini wanafanya hivyo. Lakini angalia mchoro: paa mbili zinashukia mahali pamoja, katikati ya jengo, juu ya vichwa vya watu na mifuko.

Jambo hili lilistahili hesabu, tukaifanya. Mvua ya milimita 30, ambayo Butembo si ajabu kuiona alasiri moja, inatia lita 30 kwenye kila mita ya mraba. Paa la duka ni mita 20 za mraba, la chumba 16. Jumla ni lita 1,080, zaidi ya mapipa matano ya lita 200, zote zikipita ndani ya mfereji mmoja wa bati uliokunjwa kwa mkono. Majani ya mikalitusi yakiziba tundu la mwisho, maji hayamwagiki nje. Yanamwagika ndani, na kwa muuza sukari na chumvi hakuna kitu kibaya kuliko hicho. Dalili yake huanza polepole: doa la rangi ya chai juu ya ukuta, kisha bati linaota kutu kwenye mkunjo, na siku unapoona tone, mbao iliyoko chini ya mfereji imeshaoza.

Mama mdogo alikaa kimya akiangalia mistari. Kisha akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria, kwa kuwa nilikuwa nimeshika sana neno la fundi kwamba vyumba lazima vishikane.

“Na tukikisogeza?”

Tukakisogeza. Tukaacha mita 1.20 kati ya ukuta wa duka na ukuta wa chumba kipya, kiwanja kidogo kisicho na paa. Maji ya duka yangeendelea kuanguka pale yalipokuwa yakianguka siku zote. Chumba kipya kingekuwa na paa lake lenyewe, na kwa kuwa halishikani na kitu, lingeweza kuelekea popote. Upande wa kulia kulikuwa na mpaka wa jirani. Upande wa kushoto kulikuwa na kichochoro chetu cha mita moja na nusu kinachotoka mpaka barabarani. Basi paa lishuke kushoto: ukuta wa upande wa jirani mita 3, wa upande wa kichochoro mita 2.40. Hakuna tone litakaloanguka kwa jirani, na hakuna ugomvi wa kupelekana kwa mkuu wa mtaa.

Siku iliyofuata tulimpigia mjomba simu tena, naye akaongeza lake. Mbao zake zilikuwa za mita 4. Kama chumba kina kina cha mita 4, kila mbao ya paa ingehitaji mita 4 na sehemu za kutokeza nje ukutani, yaani ingelazimu kuunga, na kiungo ni mahali pa kuvunjikia. Chumba kikiwa na kina cha mita 3, mbao inalala kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, inatokeza sentimita 30 kila upande, na inabaki kipande cha kutengenezea rafu. Kwa hiyo urefu wa mbao wa Beni ndio ulioamua kina cha chumba cha Butembo. Mita 4 upana, mita 3 kina. Mbao tano za sentimita 5 kwa 15, zilizokaa zimekauka, za kusimamishwa kwa ubavu wake mwembamba maana zikilazwa bapa zinapinda. Hesabu ya mabati ikatoka hapo hapo: bati moja, baada ya kulaliana na mwenzake, linafunika kama sentimita 75 za upana. Mita 3.60 zinahitaji safu tano, na kila safu mabati mawili ya mita mbili na nusu. Mabati kumi.

Fundi aliporudi, mama mdogo hakumwambia kwamba amekosea. Alimwekea kiti, akampa chai, akafungua daftari kwenye ule ukurasa wa mita 1.54.

“Fundi, nisaidie. Hapa mimi nitasimama vipi?”

Fundi aliangalia muda mrefu. Akauliza kimo cha ardhi tulikipata wapi. Tukamwonyesha mpira wake mwenyewe. Akacheka, akageuza kurasa moja moja, akafika kwenye kiwanja kidogo. Hakukipenda. “Mama, hapa unapoteza mita tano za mraba bure.” Kwa hesabu alikuwa karibu na kweli: 4 mara 1.20 ni 4.80. Lakini alipokwenda nyuma ya duka na kuona mlango wa kichochoro, yeye ndiye aliyesema kwamba mifuko sasa itaingizwa kwa kichochoro bila kupita katikati ya wateja, na kwamba dirisha la nyuma la duka, ambalo mpango wake wa kwanza ungeliziba, litabaki na mwanga.

Alituongezea pia kitu ambacho daftari halikuwa nacho. Alipima kona kwa kona ndani ya duka. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye pembe za haki kinatakiwa kutoa mita 6.40 kwa kila mshazari. Yeye akapata 6.34 kwa mmoja na 6.46 kwa mwingine. Duka lilikuwa limepinda tangu lilipojengwa, na kama chumba kipya kingeshikamana nalo kingepinda vilevile, na bati la mwisho lingelazimika kukatwa kwa mkasi kama nguo. Kikiwa peke yake hakirithi upungufu huo. Na kwa bahati, chumba cha mita 3 kwa 4 ndicho rahisi kuliko vyote kukipima, maana mshazari wake ni mita 5 kamili. Kamba ikisoma 5 pande zote mbili, pembe zote nne ni sawa. Mama mdogo alilipenda sana jambo hilo, akalirudia kwa kila mgeni aliyeingia dukani wiki ile.

Sakafu ilituchukua jioni nyingine. Kiwanja tulikishusha sentimita 10 chini ya sakafu ya duka, kikielemea kichochoroni, ili maji yasiwe na shauri la kuingia dukani. Sakafu ya chumba tuliipandisha sentimita 20 juu ya ile ya duka. Hiyo inafanya sentimita 30 kutoka kiwanjani, yaani ngazi mbili za 15 kila moja, kimo ambacho mtu mwenye mfuko wa kilo 50 begani anakipanda bila kuangalia miguu. Upande wa nyuma udongo bado ungekuwa juu ya sakafu kwa sentimita 22, basi msingi wa mawe upande huo ulipandishwa mpaka ukapita udongo, na nusu mita kutoka ukutani ukachimbwa mfereji wa kupokea maji ya kilima na kuyapeleka kichochoroni. Kujua kama mfereji unatelemka kweli hakuhitaji mtaalamu. Unamwaga ndoo ya maji kwenye mwanzo wake na kusubiri. Mara ya kwanza maji yalisimama katikati, fundi akachimba tena.

Mlango nao ulihama. Katika mchoro wangu wa kwanza ulikuwa katikati ya ukuta, kwa sababu katikati panapendeza. Mama mdogo alikata katoni ya biskuti vipande vidogo vya milimita 18 kwa 10. Kwa kipimo chetu, kila kimoja kilikuwa mfuko wa sentimita 90 kwa 50. Akavipanga juu ya karatasi, akaacha nafasi ya mkono kati ya mifuko na ukuta ili isinywe unyevu. Mlango wa katikati ulikata ukuta vipande viwili vifupi. Ulipopelekwa pembeni, ulibaki ukuta mmoja wa karibu mita 3 wa kupangia mfululizo. Vikatoni vile vilihamishwa huku na huku usiku kucha, na nadhani hapo ndipo alipokuwa fundi kuliko sisi sote, kwa sababu mimi na mwashi hatukuwa tunajua kwamba chumvi haikai karibu na sabuni, wala kwamba mali inayotoka kila siku lazima iwe ndiyo inayofikiwa kwanza.

Kwa tofali hatukubishana. Fundi alipanga chini, bila udongo, ukuta wa mita moja kwa moja wenye unene wa tofali nzima, akiacha upana wa kidole kati ya tofali na tofali. Zikahesabika kama 100. Kuta zote, ukitoa mlango na kidirisha, zilikuwa kama mita 35 na nusu za mraba, na kipande cha kufunga kiwanja upande wa jirani mita 3. Ukiongeza tofali moja katika kumi kwa ajili ya zinazovunjika njiani, unafika 4,200 na kidogo. Fundi alikuwa amesema 5,000 kwa chumba kikubwa zaidi, kwa hiyo kichwa chake hakikuwa kimemdanganya. Tofauti ni kwamba sasa mama mdogo naye alikuwa anajua namba inatoka wapi, na lori la tofali lilipofika alihesabu safu zake kabla ya kulipa.

Kilichobaki ni fedha. Daftari liligeuzwa, na nyuma yake tukaandika kazi kwa mafungu. Fungu la kwanza ni mfereji na msingi. La pili, kuta mpaka kimo cha mlango, mita 2.10. Hapo inapita shenaji, mshipi wa zege wenye nondo nne unaozunguka chumba chote, na ambao juu ya mlango unakuwa linto. Wengine wanauona kama anasa kwa chumba cha stoo. Lakini sisi tunaishi kwenye ukingo wa bonde la ufa, na wazee wa Beni wanalikumbuka tetemeko la Machi 1966 lililoangusha nyumba pande zote mbili za Ruwenzori. Fungu la tatu ni kuta za juu pamoja na paa. La nne, sakafu, mlango wa chuma, na lipu.

Kati ya mafungu hayo tuliandika mahali panaporuhusiwa kusimama. Baada ya msingi unaweza kukaa hata mwaka, mawe hayaozi. Baada ya shenaji unaweza pia, zege limefunga kuta kichwani. Lakini katikati ya fungu la tatu hairuhusiwi. Ukuta ulio wazi juu, uliojengwa kwa udongo na kupakwa saruji kwenye viungo tu, ukinyeshewa wiki mbili unafuliwa kutoka ndani, na tofali za juu zinatikisika kwa mkono. Kwa hiyo mama mdogo aliweka sharti: tofali la kwanza juu ya shenaji halitawekwa mpaka mbao tano na mabati kumi yawe yamelala ndani ya duka.

Sharti hilo lilimgharimu, kwa sababu katikati ya Agosti fedha ya likirimba ilikuwa imekwisha kwenye shenaji. Ilikuwa rahisi kuchukua kwenye droo ya duka. Alikaa na lile daftari akapiga hesabu ya aina nyingine. Dola iliyo kwenye mfuko wa sukari, alisema, inarudi wiki ijayo na mwenzake mdogo. Dola iliyo kwenye ukuta imeolewa, hairudi nyumbani. Akatazama rafu zake na kuamua kiasi cha mali ambacho mteja hatakosa akiingia, na chini ya hapo hakugusa. Jengo likasimama. Mvua za Septemba zikaja zikanyeshea shenaji, majirani wakasema mama amefilisika, na mimi nikaenda zangu Kisangani kusoma. Mbao zilifika kutoka Beni mwezi wa Desemba, na Februari paa likawa juu.

Nilipokiona chumba mara ya kwanza kilikuwa na mapipa matatu kiwanjani, chini ya mfereji wa bati wa paa la duka. Mita 20 za mraba mara milimita 30 ni lita 600, mapipa matatu kamili, na hiyo aliihesabu bila mimi. Kulikuwa na jambo moja ambalo michoro haikuliona: panya. Kidirisha kilikuwa na vyuma vya kuzuia mwizi, na panya alipita katikati yake bila kuinama. Waya wa vitundu vidogo uliwekwa baada ya mfuko wa tatu wa unga kutobolewa.

Kisha miaka ikawa mibaya. Kuanzia Oktoba 2014 mauaji yalianza kuzunguka Beni, na barabara za kwenda kuleta mbao zikawa barabara za kukimbia. Mjomba alifika Butembo na watoto, na stoo ikawa chumba cha kulala kwa miezi mingi, mifuko ikarudi dukani kupandishwa mpaka kwenye mabati kama zamani. Kidirisha kilekile cha panya ndicho kilichowapa hewa. Ebola ilipotangazwa Agosti 2018 na Butembo ikawa moja ya sehemu zilizoumia zaidi, maji ya kunawia mlangoni pa duka yalitoka kwenye mapipa yale, mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha Juni 2020.

Siku hizi mama mdogo anaombwa daftari na wafanyabiashara wenzake. Juzi muuza nguo wa ng’ambo ya barabara alikuja kuliazima akaoneshe fundi wake, ajengewe hivyo hivyo, na kile kiwanja cha mita 1.20 katikati. Mama mdogo alimnyima.

“Kwako kilima kinashuka nyuma, hakipandi,” akamwambia. “Ukijenga kama langu utapoteza kiwanja bure. Ngoja nifunge duka saa kumi na moja, nitakuja na mpira wa maji. Wewe tafuta mtu wa kushika fimbo ya pili.”